Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima sivii ya afisa ugani kwa tangazo linalotaka ziara, mafunzo na ripoti

Kabla sijaanza kukaa meza ya kuchuja maombi nilikuwa bwana shamba wa kata, kwahiyo sivii hizi nazisoma nikiwa na vumbi la pikipiki bado kichwani. Maswali yaliyopo hapa ndo yale ninayoulizwa na wenzangu wa miradi kila tukitangaza nafasi, na pia na vijana wanaoomba. Mifano yote nimeiweka Kongwa, Dodoma, sababu ni eneo ambalo mvua ni moja, mazao yanajulikana, na ni rahisi kuona mtu akidanganya.

Naanza na sivii au naanza na tangazo?

Tangazo. Tena usilisome tu, lipigie hesabu. Tuseme tangazo linasema afisa atahudumia vikundi 12 vya wakulima 25 kila kimoja, yaani watu 300, kila kikundi kionwe angalau mara mbili kwa mwezi, afundishe alizeti, mtama na hifadhi ya mahindi dhidi ya sumukuvu, na ripoti ifike kabla ya tarehe 5. Mwezi una siku za kazi kama 22, ukitoa Ijumaa nne za kukaa ofisini kuandika unabaki na siku 18 za fildi. Vikundi 12 mara mbili ni vikao 24. Maana yake siku 12 ataona kikundi kimoja na siku 6 ataona viwili, asubuhi kijiji hiki, saa tisa kijiji kingine, na hapo katikati kuna barabara ya mchanga.

Sasa ndo unajua unamtafuta nani. Humtafuti mtu "mwenye uzoefu wa ugani", unamtafuta mtu aliyewahi kubeba mzigo unaofanana na huo bila kuvunjika. Watu wengi wanaanza kuchuja kabla ya hii hesabu halafu wanaishia kulinganisha nani ana karatasi nyingi.

Nitajuaje ziara alizoandika alizifanya kweli?

Kwa uhakika hutajua mpaka uongee naye na uwapigie wadhamini, ila karatasi yenyewe inasema mengi ukiibana. Mi naangalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni hesabu ya siku. Mtu akiandika "nilitembelea wakulima 1,200 kila mwezi" gawanya kwa siku 22, unapata zaidi ya wakulima 54 kwa siku. Haiwezekani. Ziara ya maana shambani, yaani unasalimia, unaingia kwenye mistari, unafunua majani, unaongea, unaandika kwenye daftari la mkulima, haipungui nusu saa na bado hujahesabu njia. Mtu mwenye pikipiki na mafuta ya kutosha akifanya tano sita kwa siku amefanya kazi. Huyo wa 1,200 labda alihesabu watu waliohudhuria mkutano wa kijiji akawaita ziara, au alichukua jumla ya wakulima wote wa kata yake akaiweka kama aliyowatembelea, hii ya pili naiona sana.

Cha pili ni kalenda ya mazao, hapa ndo wengi wanajikaanga wenyewe. Kongwa mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na zinaisha Aprili hivi, baada ya hapo ni kuvuna na kuanika. Sasa mtu anakuandikia mkataba wa miezi mitatu, Julai mpaka Septemba, Kongwa, "nilisimamia palizi na uwekaji wa mbolea ya kukuzia kwenye mashamba ya mahindi". Palizi ya nini mwezi wa nane Kongwa bro? Kama kulikuwa na umwagiliaji angesema, maana mtu aliyefanya kazi kwenye umwagiliaji hasahau kuutaja. Ila kuwa makini usimhukumu mtu wa Kilimanjaro au Arusha kwa kalenda ya Dodoma, kule kuna vuli na masika, mahindi yanaweza kuwa shambani miezi ambayo huku ni vumbi tupu. Soma mahali kwanza ndo usome mwezi.

Cha tatu ni alichokikuta. Aliyefika shambani huwa anaandika alichokiona hata kama ni nusu sentensi: kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya wiki tatu, wakulima wanapanda alizeti kwa kubahatisha bila mistari, mahindi yanaanikwa chini kwenye udongo. Ambaye hakufika anaandika "kuwatembelea wakulima ili kubaini changamoto na kuzitatua". Changamoto gani? Hana.

Kuna tofauti gani kati ya "niliratibu ziara" na "nilitembelea"?

Kubwa sana. Kuratibu, kusimamia, kushiriki, kuwezesha, hivi ni vitenzi vya mtu wa wilayani mwenye kiti. Sio vibaya, mratibu mzuri ni dhahabu, ila tangazo lako linataka mtu wa kuinama kwenye mche. Ukiona sivii nzima haina kitenzi hata kimoja cha mkono au mguu (nilipima, nilipita, nilionyesha, nilikagua) weka alama ya kuuliza pembeni. Usiikate, uliza tu.

Mtu kaandika "nimefundisha wakulima 3,000". Niamini?

Inaweza kuwa kweli na bado ikakupotosha. Iko hivi: shamba darasa lina watu 25, linakutana mara 12 kwa msimu. Karatasi za mahudhurio ukizijumlisha zinakupa saini 300. Watu ni 25. Sasa mwenye vikundi kumi ana saini 3,000 na wakulima 250, na zote mbili ni namba halali ila ni vitu viwili tofauti, na kwenye sivii huwa inaingia ile kubwa bila maelezo. Wala si lazima awe muongo, miradi mingi yenyewe ndo iliwafundisha kuripoti hivyo sababu namba kubwa inapendeza kwa wafadhili.

Kwahiyo pembeni ya namba yoyote ya mafunzo andika maswali mawili: ni watu au ni mahudhurio? Na walikutana mara ngapi? Mwombaji aliyejibu hayo kabla hujauliza, mfano "wakulima 250 kwenye mashamba darasa 10, vikao 12 kila kimoja", huyo anajua anachokisema. Akitenganisha na wanawake na vijana ndo kabisa, maana hiyo namba huwezi kuipata bila daftari.

Semina ya siku moja na shamba darasa ni sawa?

Hapana jamani. Semina ni watu 80 kwenye ukumbi wa kata, soda, bango la karatasi na posho. Shamba darasa ni watu 20 mpaka 30 wanaokutana shambani kila wiki au kila wiki mbili msimu mzima, wanalinganisha kipande walicholima kama kawaida yao na kipande cha mbinu mpya, wanahesabu wadudu wenyewe, wanachora walichoona, wanaamua. Mtindo huo ulianzia kwenye mpunga kule Indonesia mwaka 1989 na FAO wakausambaza, huku kwetu umeshazoeleka.

Tangazo likisema "mafunzo kwa wakulima" bila kufafanua muulize aliyeliandika anataka ipi. Kama ni ya msimu mzima basi mtu mwenye semina 40 kwenye sivii anaweza akawa chini ya mtu mwenye shamba darasa moja aliloanza nalo siku ya kuandaa shamba akamaliza nalo siku ya kupima mavuno. Kuendesha kikundi kilekile miezi sita bila kukimbiwa na wanachama mvua ikichelewa ni kazi tofauti kabisa na kuongea vizuri kwenye maiki.

Upande wa ripoti naangalia nini? Kila mtu anaandika "kuandaa ripoti"

Ndio, kila mtu, na ndio mstari mbovu kuliko yote. Tafuta ripoti ilienda kwa nani, kila baada ya muda gani, na ilijengwa na nini. Aliyekuwa serikalini anaweza kutaja fomu za ARDS, zile za takwimu za kilimo zinazoanzia kwa afisa wa kijiji na kata, za mwezi, robo mwaka na mwaka, halafu wilayani zinaingizwa kwenye mfumo. Aliyekuwa kwenye mradi atataja KoboToolbox kwenye simu, au jedwali la eksel, au daftari tu. Daftari halina aibu, nimefanya kazi na mzee mmoja hajui kompyuta lakini daftari lake lilikuwa na jina la mkulima, ukubwa wa shamba, tarehe ya kupanda na alichomwambia mara ya mwisho, ripoti zake zilikuwa tamu kuliko za sisi wa laptop.

Ila kitu ninachokitafuta zaidi ni uzi. Ziara inapaswa kulisha somo, somo linapaswa kurudi shambani kuangaliwa, na ripoti ndo inasema kilichotokea. Sivii ikionyesha hata mfano mmoja ambapo hivyo vitatu vimeshikana, mi huyo namuita usaili hata kama sivii imeandikwa kwa fonti mbili tofauti.

Tupe mfano kamili basi, wawili wakishindanishwa

Sawa. Tangazo ni lile la Kongwa la vikundi 12. Elimu ni stashahada ya kilimo au zaidi, uzoefu miaka mitatu, leseni ya pikipiki. Tumegawa alama 100 hivi: ziara 40, mafunzo 35, ripoti 25. Mgawanyo ni wa kwetu, wewe gawa kulingana na kazi yako ilivyo ila gawa kabla ya kufungua bahasha, ukigawa baada utajikuta unampendelea uliyempenda.

Mwombaji wa kwanza ana digrii, miaka sita, leseni anayo. Ameandika "kuratibu shughuli za ugani wilayani, kujenga uwezo wa wakulima 4,500 kwenye kilimo bora, kuandaa ripoti mbalimbali na kuziwasilisha kwa wakati". Ukurasa wa pili umejaa semina alizohudhuria yeye mwenyewe, nane. Sio alizofundisha, alizohudhuria, angalia hapo watu wanachanganya.

Mwombaji wa pili ana stashahada ya chuo cha MATI, miaka mitatu kata moja, vijiji vitatu. Ameandika vikundi 8, wakulima 196, wanawake 121. Kila kikundi mara moja kwa wiki mbili kuanzia Novemba hadi Mei, na kila baada ya kikao alipita kwa wakulima wanne nyumbani kwao. Hesabu yake: vikao 16 kwa mwezi, mara nne ni ziara 64, kwa miezi saba ni 448, gawa kwa watu 196 kila mmoja amefikiwa mara mbili na ushee. Inakaa. Halafu kuna mstari huu: "kati ya kaya 60 nilizopita wakati wa mavuno 31 zilikuwa zinaanika mahindi chini, nikaongeza somo la turubai na kipimo cha chumvi, msimu uliofuata kaya hizohizo zilizobaki kuanika chini zilikuwa 14". Ripoti kasema ya mwezi kwa afisa wa kata, kwa mkono. Leseni hana.

Tulimpa wa kwanza ziara 12, mafunzo 15, ripoti 15, jumla 42. Ripoti kapata kiasi hicho sababu miaka sita wilayani lazima ameshika ripoti za wengine, ingawa hajasema. Wa pili ziara 34, mafunzo 28, ripoti 14, jumla 76. Ripoti yake ameionyesha kwa ule mstari wa kaya 60 lakini hajaonyesha kama anaweza kutuma jedwali kwa barua pepe, na mradi unataka hivyo.

Sasa leseni. Tangazo limesema ni sharti. Hapo mezani palichimbika, mmoja akasema akatwe hapohapo. Mi nikauliza, alikuwa anafikaje kwenye vijiji vitatu? Baiskeli na bodaboda, ilikuwa kwenye barua yake. Kama sharti ni sharti basi limkate kila mtu sawasawa, usimkate huyu halafu ukamuacha mwingine ambaye naye amekosa kitu. Tulichofanya ni kuita usaili kwa sharti kwamba asipopata leseni kabla ya kusaini mkataba nafasi inaenda kwa anayefuata, na wote wenye upungufu huo tukawaandikia hivyohivyo. Na yule wa kwanza tukampigia simu tukamuomba atuandikie nusu ukurasa tu, kata gani, vikundi vingapi, wakulima 4,500 walifikiwaje. Unampa nafasi, maana kuna watu kazi wamefanya ila sivii kaandikiwa na mtu wa steshenari.

Digrii ya SUA si inashinda stashahada moja kwa moja?

Kwa kazi hii hapana. Kama tangazo limesema stashahada au zaidi, wote wamevuka mstari, imeisha hiyo. Ukiongeza alama za digrii bila kutangaza unabadilisha mchezo katikati.

Na aliyekuwa anauza mbegu au dawa za kampuni?

Huyu usimdharau. Mawakala wa pembejeo wana mashamba ya mfano, wana siku za wakulima, wanazunguka kuliko maafisa wengi na wanajua bei na njia zote za panya. Shida yake ni moja, mafunzo yake yalikuwa na jibu moja, nunua hiki. Angalia kama kuna mahali alimwambia mkulima asinunue, mfano apande mapema badala ya kupiga dawa, au aache eneo fulani bila mbolea mpaka udongo upimwe. Kama hakuna, muulize kwenye usaili.

Mimi ndo naomba, na ndo kwanza nimemaliza chuo. Niandike nini?

Andika fildi yako ya chuo kama kazi, kwa mahali, miezi na idadi. Usiandike "nilipata uzoefu wa kutosha kwenye ugani". Andika "wiki nane kata fulani, nilienda na afisa wa kata kwenye vikundi vinne, nilifundisha somo la nafasi ya mahindi sentimita 75 kwa 30 nikiwa peke yangu mara mbili, nilijaza karatasi za mahudhurio". Ni ndogo ila inashikika. Kama tangazo linataka miaka mitatu hutapita, ila kwenye nafasi ya msaidizi utakuwa juu ya mwenye maneno matupu. Na tafadhali, mstari wa "najua kufanya kazi chini ya shinikizo" ufute, uweke leseni ya pikipiki badala yake.

Kuna kitu sivii haiwezi kunionyesha?

Vingi. Haionyeshi kama wakulima wanamsikiliza, haionyeshi kama anajua kunyamaza mama mwenye shamba akiongea. Kwahiyo sisi usaili wetu una meza mbili.

Meza ya kwanza kuna chupa na mmea wa mahindi ulioshambuliwa na mdudu. Kwenye mmea anatakiwa aone majani yenye madirisha na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mhindi, na akimpata mdudu aonyeshe alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na vidoa vinne vya mraba karibu na mkia, ndo aseme ni kiwavijeshi vamizi. Kwenye chupa kuna mahindi na chumvi, anatikisa, chumvi ikishika ukutani mahindi hayajakauka. Swali la mtego: je isiposhika yako salama? Anayejua atasema sio lazima, kipimo hicho kinakamata unyevu wa kuanzia kama asilimia 15 kwenda juu, na ghalani tunataka yawe chini ya 13.5, kwahiyo anika siku nyingine au tafuta mashine ya kupimia.

Meza ya pili anapewa karatasi tatu za mahudhurio za kikundi kimoja, zimejazwa na majina yanayojirudia, na dakika 20 aandike ripoti ya nusu ukurasa. Kwenye karatasi zetu kuna saini 66 na watu 27. Wengi wanaandika wakulima 66 wamefundishwa. Safari iliyopita kati ya watu sita waliofika hapo wawili tu waliandika 27, mmoja wao akaongeza kwamba wanne walikuja siku ya kwanza hawakurudi tena na angewapitia nyumbani kujua kwanini.